Barua ya wazi kwa watumishi wa zahanati: jitathminini vitabu vikiwa mezani

Kwa wauguzi, wakunga na matabibu wa zahanati na vituo vya afya,

Yah: Kujitathmini kwa mwaka na ushahidi wa kila lengo



Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na kila mmoja wenu anatakiwa aseme mwenyewe, kabla msimamizi wake hajasema, amefikia wapi katika malengo waliyokubaliana Julai iliyopita. Mimi ni katibu wa afya wa halmashauri, na tathmini zenu hupita mezani kwangu. Nawaandikia kwa sababu kazi nyingi mnazozifanya kwa jasho hazionekani kwenye maelezo yenu, na kazi ambazo hazikufanyika mara nyingine zinaonekana kana kwamba zimefanyika. Yote mawili yana chanzo kimoja. Mtu anajaza tathmini kwa kukumbuka, wakati kila alichofanya kimeandikwa kwenye kitabu kilichopo chumba cha pili.

Wakongwe mnakumbuka enzi za taarifa za siri, msimamizi akiandika anavyomjua mtumishi, anaifunga bahasha, na mtumishi haoni kilichoandikwa. Mwaka 2004 ikaja OPRAS, mtumishi na msimamizi wakakaa meza moja. Sasa tuko kwenye PEPMIS, mnaingia kupitia ESS na kuandika utekelezaji wa majukumu yenu mara kwa mara badala ya kungoja mwisho wa mwaka. Fomu na skrini zimebadilika. Maswali yaliyo ndani yake ni yale yale: uliahidi nini, umefanya nini, na mtu mwingine atajuaje? Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi, na ndilo nataka tulikalie hapa.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni wa muuguzi wa zahanati ya kijijini anayesimamia chanjo. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini mambo yenyewe mtayatambua. Julai alikubaliana na mganga mfawidhi wake kwamba watoto wanaopata dozi ya tatu ya Penta wapande kutoka asilimia 81 hadi asilimia 90 ya walengwa ifikapo 30 Juni. Walengwa wa zahanati yake kwa mwaka ni watoto 240. Asilimia 90 ni watoto 216.

Maelezo ya aina ninayoletewa zaidi yangesomeka hivi: "Nimetoa huduma ya chanjo kwa ufanisi mkubwa mwaka mzima na kuhamasisha jamii, wananchi wameridhika." Hapo sina cha kukubali wala cha kukataa. Mtumishi mwingine angeandika: "Nimechanja watoto 204." Huyu amesogea, maana ametoa namba. Lakini 204 kati ya wangapi? Dozi gani? Mwaka jana walikuwa wangapi? Na namba hiyo imetoka kitabu gani, ili nikikifungua nami niipate?

Swali hilo la mwisho ndilo kipimo changu cha ushahidi, na nawaomba mkifanye kuwa chenu. Ushahidi ni kumbukumbu ambayo mtu asiyekuwepo siku ile anaweza kuifungua, akahesabu, akapata jibu lile lile ulilopata wewe. Picha ya akina mama wamekaa chini ya mwembe haihesabiki. Orodha ya mahudhurio yenye majina 30 kwa mwandiko mmoja na saini zinazofanana inazua swali kuliko inavyolijibu. Barua ya pongezi ni jambo jema, ila haisemi watoto wangapi walimaliza dozi. MTUHA Na. 7, karatasi za kujumlishia za kila mwezi, leja ya chanjo na chati ya joto la friji, hivyo vinatosha, na vyote mnavyo.

Sasa muuguzi wetu akakaa na vitabu. Jumla ya mwaka ikasema watoto 236 walipata Penta 1 na 204 walipata Penta 3. Mia mbili na nne kati ya 240 ni asilimia 85. Lengo lilikuwa 90. Kwa hiyo amepanda kutoka 81, na bado amepungukiwa watoto 12. Sentensi hiyo fupi ndiyo mwanzo wa kujitathmini kwa kweli, kwa sababu inataja mahali alipoanzia, alipotakiwa kufika na alipofika, na haifichi pengo.

Akaangalia pia wanaoanza na wasiomaliza. Ukitoa 204 kwenye 236 wanabaki 32, karibu asilimia 14 ya walioanza. Kwenye chanjo tunaanza kuwa na wasiwasi pengo hilo likizidi asilimia 10. Hapa wengi husimama na kuandika "watoto 32 wamekatisha chanjo." Si kweli. Penta hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mtoto aliyeanza mwishoni mwa Mei zamu yake ya dozi ya tatu inaangukia Julai, mwaka mwingine wa fedha. Yumo kwenye hesabu ya walioanza, na hawezi kuwemo kwenye hesabu ya waliomaliza, hata kama mama yake hajakosa kliniki hata siku moja. Vilevile baadhi ya waliomaliza Julai mwaka jana walianza kabla ya Julai. Hesabu ya jumla inafaa kuonyesha mwelekeo. Haifai kutaja watoto.

Ili awapate watoto wenyewe ilibidi afungue MTUHA Na. 7 na kufuata mstari kwa mstari wale tu walioanza kati ya Julai na mwisho wa Februari, ambao wote walikuwa na muda wa kutosha kumaliza kabla ya 30 Juni. Akawapata 158. Kati yao 22 hawakuwa na tarehe ya Penta 3. Akasoma safu ya makazi. Kumi na watatu walitoka kitongoji kimoja, kile kilicho ng'ambo ya mto.

Kazi hii inachukua mchana mmoja, na sijui sehemu nyingine ya kujitathmini inayolipa kama hii. Kabla ya hapo alikuwa na pengo la asilimia tano. Baada ya hapo ana watoto 22 anaoweza kuwafuata, na anajua aanzie wapi.

Tuje kwenye sababu, maana hapa ndipo ukweli unapopindwa zaidi, na mara nyingi bila nia mbaya. Muuguzi wetu alikuwa na sababu mbili kichwani. Ya kwanza, chanjo iliisha Novemba. Ya pili, barabara na mvua. Zote zilitokea kweli. Swali ni kila moja imebeba kiasi gani cha pengo.

Leja ya chanjo ilionyesha Penta ilikuwa sifuri kuanzia tarehe 4 hadi 19 Novemba. Angeweza kuishia hapo na kuandika kwamba lengo halikufikiwa kwa ukosefu wa chanjo, akaambatisha nakala ya leja, na wengi wetu tungekubali. Yeye akarudi kwenye kitabu cha watoto na kuangalia waliokuwa wanatarajiwa Penta 3 katika siku hizo, kwa kuhesabu wiki nne kutoka tarehe ya Penta 2. Walikuwa 9. Saba kati yao walirudi na kupata dozi kabla Desemba haijafika katikati. Wawili hawakuonekana tena. Kwa hiyo upungufu wa chanjo, uliotusumbua sote, unaeleza watoto 2. Haumalizi 12.

Upande wa huduma ya mkoba, mpango ulikuwa safari 12 za kitongoji cha ng'ambo, moja kila mwezi. Zilifanyika 9. Hazikufanyika Machi, Aprili na Mei. Aprili na Mei mto ulifurika, na mtendaji wa kijiji aliandika taarifa ya kufungwa kwa kivuko yenye tarehe. Hicho ni kielelezo. Machi mto ulikuwa unapitika. Safari haikufanyika kwa sababu yeye alikuwa likizo na hakumkabidhi mwenzake ratiba. Akaliandika hilo waziwazi, kwenye mstari wa peke yake.

Nimekwisha kusoma mamia ya tathmini, na nawaambia mstari wa namna hiyo ndio unaonifanya niamini iliyobaki yote. Msimamizi hana muda wa kukagua kila tarakimu. Anachofanya ni kutafuta kama mtumishi amejiwekea upande mmoja tu wa hadithi. Akikuta "Machi ilikuwa kwangu," anasoma sababu ya Aprili na Mei bila shaka moyoni. Akikuta safari zote tatu zimetupwa kwenye mvua, na yeye mwenyewe alipita kivuko kile Machi kwa pikipiki, hataamini tena hata zile tisa.

Kuna jambo la mgao pia. Zahanati zetu zina watumishi wawili, watatu, na kazi hufanywa pamoja. Kati ya safari 9, muuguzi wetu alikwenda 6 na mwenzake akaenda 3. Aandike hivyo. "Nimefanya safari 9" ni uongo mdogo unaomnyima mwenzake haki yake, na mwenzake naye akiandika 9 tutakuwa na safari 18 kwenye makaratasi na 9 kwenye daftari la safari. Hili la namba kujirudia ni rahisi sana kulinasa, kwa sababu tathmini za kituo kimoja huletwa pamoja.

Baada ya yote hayo, maelezo yake ya lengo la kwanza yalikuwa hivi:

"Lengo: Penta 3 kutoka asilimia 81 hadi 90 (watoto 216 kati ya 240). Nimefikia asilimia 85 (watoto 204). Pungufu watoto 12. Chanzo: karatasi za kujumlishia, Julai hadi Juni. Kati ya watoto 158 walioanza Julai hadi Februari, 22 hawajamaliza, 13 wanatoka kitongoji cha ng'ambo ya mto (MTUHA Na. 7). Safari za mkoba 9 kati ya 12: mimi 6, mwenzangu 3 (daftari la safari). Aprili na Mei kivuko kilifungwa (taarifa ya mtendaji). Machi niliondoka likizo bila kukabidhi ratiba. Chanjo kukosekana tarehe 4 hadi 19 Novemba (leja) kuliwaathiri watoto 9, 7 walirudi. Orodha ya 22 nimemkabidhi mhudumu wa afya ngazi ya jamii."

Soma tena uone hakuna neno la sifa hata moja. Hakuna "kwa ufanisi," hakuna "kwa kujituma." Bado mtu akiimaliza anajua huyu ni muuguzi anayeijua zahanati yake.

Alama je? Kwenye ngazi za OPRAS, 1 ndiyo ilikuwa bora kabisa na 5 ndiyo ya chini kabisa. Kwa ngazi hizo yeye alijipa 3, wastani. Wapo watakaosema amejionea. Mimi naona amefanya sawa. Alama inapima lengo, na lengo halikufikiwa. Kupanda kwa asilimia nne na kazi ya kuwatafuta wale 22 viko kwenye maelezo, na msimamizi ana uhuru wa kumwongeza. Alama ikishajitenga na maelezo, mtu akaandika pengo halafu akajipa ya juu, msomaji anabaki hajui aamini kipi.

Lengo lake la pili lilikuwa la friji: joto lisomwe na kuandikwa mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, na libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Siku 365 ni vipimo 730. Chati zake zilikuwa na 698. Vimekosekana 32, na 26 kati ya hivyo ni vya jioni za Jumamosi na Jumapili, anapokuwa peke yake. Siku moja ya Januari joto lilipanda hadi 10.2 baada ya umeme kukatika. Aliandika saa, akampigia mratibu wa chanjo wa wilaya, akakagua kiashiria cha joto kwenye kila kichupa na kuhakikisha mraba wa ndani ungali mweupe kuliko duara linalouzunguka.

Nalitaja lengo hili kwa sababu ya chati nyingine ninazoziona, zilizokamilika mno. Vipimo 730 bila pengo, nyuzi 4 asubuhi na nyuzi 4 jioni, mwezi mzima kwa wino mmoja na mwandiko usiotikisika. Friji halisi hucheza: asubuhi 3.8, jioni 5.1, siku ya kliniki linafunguliwa mara nyingi na joto linapanda. Tena kifaa cha kurekodi joto kilichomo ndani huhifadhi siku 30 zilizopita pamoja na kila mara lilipotoka kwenye mipaka. Chati ikisema 4 na kifaa kikasema 9 Jumamosi ile ile, mtumishi ameharibu zaidi ya tathmini yake. Penta ikiganda huharibika, ikikaa kwenye joto huharibika, na mtoto anachomwa sindano isiyomkinga. Mapengo 32 yaliyo wazi yananiambia zahanati inahitaji zamu ya wikendi. Chati iliyojazwa kwa kukisia hainiambii kitu, na inamficha mtoto huyo.

Mambo mawili madogo kabla sijafunga. Kama kiwango chako kimevuka asilimia 100, usikimbilie kujisifu. Walengwa wako wanakadiriwa kutokana na sensa, na ukiwa karibu na mpaka wa kata, akina mama wa jirani wanakuja kwako. Andika wangapi si wa eneo lako. Safu ya makazi inakwambia. Na vielelezo visibebe majina. Usipige picha ukurasa wa MTUHA na kuupandisha kwenye mfumo au kuutuma kwa simu. Mle mna taarifa za afya za mama na mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda. Taja kitabu, miezi na jumla. Anayetaka kuhakiki aje kituoni akifungue mwenyewe.

Waganga wafawidhi, nanyi mmo humu. Muuguzi aliyeandika "Machi niliondoka bila kukabidhi" akiitwa na kukaripiwa mbele ya wenzake, mwakani ataandika mvua, na wenzake waliosikia wataandika mvua pia. Mkae naye, mfungue kitabu pamoja, mumuulize nani ataishika ratiba akiwa likizo. Na kama mto hufurika kila masika, lengo la safari 12 lilipaswa kujadiliwa kwenye mapitio ya nusu mwaka, Desemba, wakati bado linarekebishika. Malengo ya Julai ijayo yaandikeni mkijua hilo: pengine safari mbili Februari na mbili Juni.

Ombi langu ni hili. Kabla hujaandika neno lolote kwenye tathmini ya mwaka huu, chukua MTUHA Na. 7, leja na chati za friji, keti navyo mchana mmoja, na kila lengo lianze na tarakimu na jina la kitabu ilikotoka. Palipo na pengo, liandike wewe kabla sijaliona mimi. Nitakapopita vituoni Julai nitaomba vitabu hivyo hivyo, na nitahesabu pamoja nanyi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Afya wa Halmashauri